"Hakufuata kweli kweli": kundi linapobadilishwa baada ya mtu kufeli

Kalamu Kavu (mleta mada)

Wakuu, kuna jambo linanikera wiki ya pili sasa, nikaona nililete hapa wenye akili zao walichambue.

Nilijiunga na kundi la kujisomea lenye kiongozi wake. Mbinu yenyewe ni rahisi. Unasoma sura, unafunga kitabu, unaandika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka, kisha unairudia sura hiyo siku ya 2, ya 7 na ya 21. Kila mtu alipewa karatasi yenye visanduku 60, siku kwa siku, uweke tiki ukimaliza. Kiongozi alisema mbele yetu wote: "Hakuna mtu aliyefuata ratiba hii siku 60 akafeli." Tuliiandika hata juu ya daftari.

Matokeo yametoka. Watatu wamefeli.

Sasa sikilizeni. Wa kwanza akaambiwa aliruka siku, kwa hiyo hakufuata. Sawa, nikakubali. Wa pili aliruka siku mbili tu, akaambiwa siku mbili zinatosha kuharibu. Nikakubali nusu nusu. Wa tatu alikuwa na tiki zote 60, nimeziona kwa macho yangu. Kiongozi akaigeuza karatasi, akaiangalia nyuma kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko, akasema: "Huyu alifuata kwa mkono, hakufuata kwa moyo. Mwanafunzi hasa huonekana."

Mimi nilifaulu, kwa hiyo sina kisasi. Ila nilitoka pale nikijiuliza: kama kila anayefeli anatolewa kwenye kundi la "waliofuata", huyo kiongozi angekosea vipi?

Mzee wa Hoja

Mkuu, hilo lina jina lake tangu zamani: hoja ya "Mskoti wa kweli". Antony Flew, mwanafalsafa wa Kiingereza, alisimulia mwaka 1975 habari ya Mskoti anayesoma gazeti. Anakuta habari ya mhalifu wa Uingereza, anasema, "Hakuna Mskoti anayeweza kufanya unyama huu." Siku nyingine gazeti linaleta habari ya mtu wa Aberdeen, Mskoti kabisa, aliyefanya mabaya kuliko yule wa kwanza. Badala ya kukiri, anasema, "Hakuna Mskoti *wa kweli* anayeweza kufanya hivyo."

Kwisha habari. Ukibadilisha maana ya kundi baada ya mfano pinzani kujitokeza, umeshindwa hoja. Uzi ufungwe.

Mtoro wa Zamani

Mimi nilivyosoma, mleta mada anaomba mbinu ya kufaulu. Ushauri wangu: lala mapema siku ya mtihani, halafu usianze na swali gumu. Mimi nilifeli mara mbili kwa kuanza na swali la mwisho.

Kalamu Kavu

Asante mkuu, ila mimi nimeshafaulu. Shida yangu ni namna ya kubishana na yule kiongozi.

Sikio la Kufa

Mnamwonea bure huyo mwalimu. Mtu akiandikiwa dawa ya siku saba akanywa ya siku mbili, asipopona mtalaumu dawa? Si kila anayetolewa kwenye kundi ametolewa kwa hila. Kuna ambao kweli hawakuwemo.

Fundi Bomba

Mzee wa Hoja, hapo kwenye "kwisha habari" umekimbia. Tulifundishwa kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mtu akapanda mlimani na kipimajoto, maji yakachemka kabla ya kufika 100. Je, tulisema maji yale si maji hasa? Tulibadilisha kauli: maji huchemka kwenye nyuzi 100 *kwa kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari*. Kauli ilibanwa baada ya mfano pinzani kutokea, na hakuna anayeiita hila.

Mimi nafanya kazi na mvuke, nawaambia kutokana na ninachokiona. Kanieneo ina kipimo chake chenyewe, saa yenye mshale. Naisoma saa kabla maji hayajachemka, nakwambia yatachemka kwenye nyuzi ngapi. Nikifunga chombo kanieneo ikapanda, yanapita 100. Ukiyapeleka kilele cha Everest, yatachemka kwenye nyuzi 70 hivi. Sharti tuliloongeza halikuja kuiokoa ile 100 tu, limetuambia mambo mengine ambayo hatukuyauliza.

Huyo kiongozi wa mleta mada, "moyo" anausoma kwenye saa gani? Na anausoma kabla ya matokeo au baada?

Mzee wa Hoja

Haya, la maji nakubali. Lakini pale kitu kinapimika. Kwa binadamu, kanuni yangu inasimama.

Mama Takwimu

Habari za jioni. Kwa binadamu pia kinapimika, na ndiko hatari ilikojificha zaidi. Nimefanya kazi kwenye majaribio ya dawa kwa muda, naomba niwaletee kisa kimoja ambacho kila anayeingia fani hii husimuliwa. Kinamhusu Sikio la Kufa moja kwa moja, maana ametumia mfano wa dawa.

Marekani lilifanyika jaribio kubwa kwa wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo. Baadhi walipewa klofibrati, dawa ya kushusha lehemu kwenye damu. Wengine walipewa vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani. Nani apate kipi iliamuliwa kwa bahati nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1980 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitano, waliopewa klofibrati walikuwa wamekufa asilimia 20.0, na waliopewa vidonge vitupu asilimia 20.9. Yaani hakuna tofauti ya kushikika.

Sasa mjiweke mahali pa mtu anayeiamini dawa hiyo. Atasema nini? Kile kile alichosema Sikio: "Mmechanganya na wasioinywa. Wapimeni walioinywa kweli." Wakapimwa. Waliomeza asilimia 80 au zaidi ya dawa waliyopangiwa walikuwa wamekufa asilimia 15.0. Waliomeza chini ya hapo, asilimia 24.6.

Tofauti ya karibu asilimia kumi, na ya vifo! Mtu angeishia hapo, angeandika kwa furaha kwamba dawa inaokoa maisha ya "wagonjwa wanaoitumia hasa". Na kumbuka hakudanganya popote. Kipimo chake ni idadi ya vidonge, si moyo.

Lakini walipima na upande wa pili, wale wa vidonge vitupu. Waliomeza vizuri vidonge visivyo na kitu walikufa asilimia 15.1. Waliomeza ovyo, asilimia 28.3.

Fundi Bomba

Ngoja. Kwa hiyo kumeza kidonge kitupu kwa uaminifu "kulisaidia" sawasawa na dawa?

Mama Takwimu

Kidonge hakikumsaidia mtu. Anayeweza kumeza vidonge vyake miaka mitano bila kukosa si mtu wa kawaida. Huenda hakuwa mgonjwa sana tangu mwanzo, huenda analala vizuri, hanywi kupita kiasi, ana mtu nyumbani wa kumkumbusha. Na anayeacha dawa, mara nyingine ameacha *kwa sababu* hali yake imekuwa mbaya. Watafiti walijaribu kusawazisha tofauti walizoweza kuzipima na pengo halikuzibika. Kwa hiyo unaposema "tuwahesabu walioifuata kweli tu", hujachagua watu kwa dawa. Umewachagua waliokuwa na dalili ya kupona hata bila dawa.

Ndiyo maana kwetu kawaida ni kumhesabu kila mtu kwenye kundi alilopangiwa siku ya kwanza, ameinywa au ameitupa chooni. Wageni wa fani huliona hilo kama upuuzi. Linatulinda na sisi wenyewe.

Sikio la Kufa

Mama, heshima yako. Lakini hapo umejibu swali lingine. Mimi nauliza: dawa *ikinywewa*, inafanya kazi? Wewe unajibu: *kuwaandikia watu* dawa kunafanya kazi? Hayo ni maswali mawili. Kama nusu ya watu hawakuinywa, hesabu yako itaifanya hata dawa nzuri ionekane dhaifu.

Mama Takwimu

Umesema kweli, na wala si hoja ndogo. Ni maswali mawili, na hesabu yangu hulififisha lile la kwanza. Watu wanatafuta njia za kulijibu bila kuingia kwenye mtego wa klofibrati, na njia hizo zina masharti mengi. Ninachokataa ni mtu kuanza na swali moja, akaona jibu halimpendezi, akahamia la pili kimya kimya kana kwamba ndilo aliloliuliza tangu mwanzo.

Kalamu Kavu, zile karatasi za tiki bado zipo?

Kalamu Kavu

Nimezitafuta tangu jana, mama. Tulijiandikisha 12. Mmoja aliacha siku ya nne. Tukabaki 11, waliofaulu wanane, waliofeli watatu. Karatasi za waliofeli nimezipata zote, maana kiongozi alizikusanya kuzikagua. Za waliofaulu nimepata tano tu, ikiwemo yangu. Watatu walishazitupa, hakuna aliyewahi kuwaomba.

Waliofeli: tiki 51, 58, 60.
Waliofaulu: tiki 60, 59, 57, 49, 44.

Hiyo 44 ni yangu. Nina aibu nayo, lakini ndiyo hivyo.

Bintiasili

Hahaha, 44 na ukafaulu! Kumbe wewe ndiye mfano pinzani mwenyewe.

Mama Takwimu

Kabla ya namba, tazameni jambo moja: karatasi za waliofeli zilikusanywa *kukaguliwa*, za waliofaulu zikatupwa. Dalili ni hiyo. Kauli haihitaji hata kubadilishwa maneno. Inatosha kukagua upande mmoja. Kila aliyefeli ukimchimba utapata kasoro, kwa sababu kila binadamu ukimchimba utapata kasoro.

Sasa twende nazo. Tuseme "kufuata" maana yake ni kuwa na tiki 55 au zaidi. Wa 51 anatoka, kiongozi anapumua. Lakini sharti hilo hilo linamtoa mwenye 49 na wewe wa 44, ambao mmefaulu. Wanabaki watano: 60, 59 na 57 wamefaulu, 58 na 60 wamefeli. Wawili kati ya watano.

Akaze zaidi, aseme lazima 60 kamili. Wa 58 anatoka. Lakini wa 59 na wa 57 wanatoka naye. Wanabaki wawili, mmoja amefaulu, mmoja amefeli. Kadiri anavyokaza, ndivyo kundi linavyosinyaa na bado mfano pinzani umo ndani. Kwa kila hatua anapoteza watu wake mwenyewe.

Ndiyo sababu alilazimika kuacha tiki na kwenda kwenye "moyo". Tiki zilimtosha kwa wawili wa kwanza, hazikumtosha kwa wa tatu. Aliyesoma 44 na kufaulu hakuulizwa moyo wake ulikuwa wapi.

Watu ni wanane tu na karatasi tatu hazipo, kwa hiyo sisemi mbinu ni mbovu. Kwa ninavyojua mimi, kukumbuka bila kuangalia kitabu na kurudia kwa kuachanisha siku ni katika njia zilizochunguzwa sana na zikaonekana kusaidia. Kilichoanguka ni lile neno "hakuna".

Mzee wa Hoja

Kwa hiyo angesema "wengi wanaofuata hufaulu" angekuwa salama?

Mama Takwimu

Angekuwa na kauli inayoweza kuwa kweli. Halafu ningemuuliza swali la klofibrati: wale wanaosoma siku 60 kwa uaminifu kwa njia nyingine *yoyote*, nao hufaulu kwa kiasi gani? Bila hao, hatujui kama tunaisifu mbinu au tunawasifu watu wenye bidii.

Bintiasili

Naomba niseme kidogo kuhusu lugha, maana naona mmezama kwenye namba.

Kiswahili chetu kinaurahisisha mchezo huu. Tuna "hasa", "kweli kweli", "halisi", "mwenyewe". Na tuna "huyo si mtu". Nikisema fulani si mtu, hakuna atakayekwenda kumhesabu vidole. Nasema hana utu. Neno moja linabeba kiumbe na sifa inayomstahili kiumbe huyo. Ndivyo "mwanafunzi hasa" lilivyo, na "mzazi hasa", na "mwanamume hasa halii".

Kosa si kusema "mzazi hasa hamtupi mtoto". Hayo ni maadili, na mtu akiniletea mzazi aliyemtupa mwanawe hajanipinga, maana mimi nilikuwa nasema inavyopasa. Kosa linakuja nikianza na "wazazi hawatupi watoto" kama habari ya ulimwengu, labda nikitaka kumwambia mtoto fulani kwamba anaongopa kuhusu mama yake. Nikionyeshwa mmoja, nahamia kwenye "mzazi hasa". Nimetoka kwenye habari nimeingia kwenye maadili, lakini yule mtoto bado namwita mwongo kwa kutumia habari niliyokwisha kuiacha.

Kwa hiyo mimi huwa nauliza tu: "Hapo unanieleza walivyo, au unavyotaka wawe?" Ukiuliza kwa upole mtu hutulia. Ukimtajia Mskoti wa Flew, atakutukana.

Sikio la Kufa

Hapo kwa mtoto umenigusa, dada. Mimi ndivyo nilivyoambiwa utotoni, karibu kwa maneno hayo hayo, na mtu mzima niliyemheshimu. Tuliache.

Ila bado sijakubali yote. Kuna kitu kinaitwa kuelewa kundi vizuri zaidi baada ya kuona mfano pinzani. Mara nyingine hujui ulikuwa unamaanisha nini mpaka mtu akuletee kesi usiyoifikiria. Mkisema sharti lazima liandikwe kabla, mtawafunga watu midomo kwa kauli walizozitunga wakiwa bado wajinga.

Fundi Bomba

Hakuna anayekataza kujifunza, ndugu. Waliokwenda mlimani na kipimajoto nao hawakujua kabla. Ila ukishaongeza sharti jipya, lile la zamani ulitangaze limekufa, na hilo jipya ulipeleke kwa watu wengine ambao hujaona matokeo yao. Usilipime kwa mgonjwa yule yule aliyekulazimisha kulitunga.

Sikio la Kufa

Hilo la kutangaza nalichukua. Wengi wetu hatutangazi.

Mtoro wa Zamani

Sasa nimeelewa uzi. Mimi nilipofeli mara ya pili, mjomba aliniambia "mtu wa ukoo wetu hasa hafeli". Nilikaa miaka nikidhani labda mimi ni wa kuokotwa. Kumbe na yeye alifeli, nimeambiwa msibani kwake.

Bintiasili

Pole sana. Na pole kwa mjomba pia.

Kalamu Kavu

Wakuu nimerudi. Nimezungumza na kiongozi jana. Sikumtajia Mskoti, nilimuuliza swali la Bintiasili. Akakaa kimya kidogo, akasema yeye alikuwa anatutia moyo, hakuwa anatoa takwimu. Nikamwambia sawa, lakini yule wa tiki 60 ameondoka akiamini kwamba hana moyo wa kusoma. Hilo lilimgusa. Amesema atamtafuta.

Kwa kundi lijalo amekubali kuandika siku ya kwanza kwamba aliyefuata ni mwenye tiki 50 au zaidi, na karatasi zote zitakusanywa *kabla* ya matokeo, za wote. Nilimwomba pia tupate kundi la pili linalosoma kwa njia nyingine kwa siku zile zile. Hilo amekataa, anasema hawezi kumfundisha mtu njia asiyoiamini.

Limebaki moja tulilobishana na hatukumaliza. Yule wa kumi na mbili, aliyeacha siku ya nne. Naye alifanya mtihani, akafeli. Kiongozi anasema huyo hakuwahi kuwa wetu, na safari hii hata mimi namwona ana haki: siku nne si kitu.

Mama Takwimu

Jina lake liliandikwa siku ya kwanza?

Kalamu Kavu

Liliandikwa. Namba 7 kwenye orodha.

Mama Takwimu

Basi mimi namhesabu. Wamefeli wanne kati ya 12.

Sikio la Kufa

Kwa siku nne mama? Hapo sasa unaibebesha ratiba mzigo wa mtu ambaye hakuigusa.

Mama Takwimu

Aliacha kwa nini?

Kalamu Kavu

Alisema ratiba ni nzito, hawezi kuichanganya na kazi.

Mama Takwimu

Hiyo nayo ni habari ya ratiba, si ya kijana peke yake. Anayetaka kujiunga kesho na ana kazi kama yake angependa kuijua.

Sikio la Kufa

Angependa, ndiyo. Lakini iandikwe mstari wake peke yake, isichanganywe na walioijaribu wakashindwa.